Bima ya afya na bima ya maisha: kwa nini moja haifanyi kazi ya nyingine

Kila tukizungumzia bima hewani, swali hili hurudi: “Nimeshakata bima, kwa nini niambiwe nikate nyingine?” Ukimuuliza msikilizaji bima gani, mara nyingi hujibu tu, “ya bima.” Hapo ndipo tatizo linapoanzia, na leo tunalifafanua kwa mfano wa familia moja ya kubuni hapa Buswelu.

Baba ni dereva wa bodaboda, mama anauza dagaa anaowachukua mwaloni Kirumba. Wana watoto watatu. Baba ana bima ya maisha ya shilingi milioni 10, ya muda wa miaka 10. Familia haina bima ya afya.

Baba akivunjika mguu

Siku moja baba anagongwa na kuvunjika mguu. Anapelekwa Sekou Toure, na ikibidi anapewa rufaa kwenda Bugando. Mama anachukua hati ya bima na kwenda kwenye kampuni. Anajibiwa kwamba hakuna malipo. Kampuni haijamdhulumu. Mkataba unalipa aliyekatiwa bima akifariki ndani ya miaka 10, na baba yuko hai.

Je, wanaweza kuvunja mkataba wachukue pesa? Bima ya maisha ya muda kwa kawaida haina akiba ndani yake. Ukiisitisha huondoki na kitu. Ile yenye akiba huwa na kiasi cha kurudishwa, lakini kwa kawaida mpaka uwe umechangia miaka kadhaa, na katika miaka ya mwanzo hicho kiasi huwa pungufu ya ulichokwisha kulipa. Zaidi ya hapo, ukishaivunja, watoto wamebaki bila kinga.

Bima ya afya ndiyo ingefanya kazi hapa. Yenyewe haikupi pesa mkononi. Inailipa hospitali kwa huduma uliyopata: kumwona daktari, vipimo, dawa, upasuaji, kitanda. Inalipa kulingana na gharama na kitita chako, na inaweza kutumika mara nyingi kwa mwaka. Mipaka yake ni vituo unavyoruhusiwa na utaratibu wa rufaa. CHF iliyoboreshwa, kwa mfano, ilipoanza 2018 ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na huduma zake ziliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Bugando, ambayo ni ya kanda, iko juu ya hapo.

Baba akifariki

Sasa tugeuze. Familia ina bima ya afya lakini haina ya maisha. Baba anaugua, analazwa wiki tatu, anafariki. Bima inalipa bili ya matibabu, na kazi yake inaishia hapo. Kodi ya nyumba, ada za shule na kipato cha bodaboda kilichokatika havimo kwenye kitita chochote cha matibabu.

Bima ya maisha ingelipa ile milioni 10 iliyoandikwa, iwe matibabu yaligharimu laki moja au milioni tano. Inalipwa mara moja, kwa mnufaika aliyetajwa kwenye mkataba. Ndiyo maana jina la mnufaika ni la kuangaliwa upya kila familia inapobadilika, na mama anapaswa kujua hati iko wapi. Kampuni itataka hati hiyo, cheti cha kifo na kitambulisho chake. Madai hukwama pia pale michango ilipokatika, au mteja alipoficha ugonjwa wakati wa kujaza fomu.

Bima ya mkopo

Wengi huamini wana bima ya maisha kwa sababu walikatwa “bima” walipokopa. Tuseme baba alikopa milioni 6 za pikipiki na zimebaki milioni 3.5. Akifariki, bima hiyo inalipa milioni 3.5 kwa mkopeshaji. Familia inapona deni, jambo kubwa, lakini kwa kawaida haipati pesa ya kulelea watoto.

Namna ya kujua uliyonayo

Soma kwenye mkataba mambo matatu: tukio gani linafanya bima ilipe, anayelipwa ni nani, na kiasi kinapatikanaje. Ukikuta kuugua, hospitali na gharama ya huduma, hiyo ni ya afya. Ukikuta kifo, mnufaika na kiasi kilichoandikwa, ni ya maisha. Zipo bima za maisha zenye nyongeza ya magonjwa makubwa, lakini hulipa magonjwa yaliyoorodheshwa tu. Malaria ya mtoto au uzazi wa kawaida havimo.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA. Kama kipato kinatosha bima moja kwa sasa, jiulize: kipi kitaiangusha nyumba yenu kwanza, bili ya hospitali au kukosekana kwa mleta chakula? Jibu hilo litakuonyesha pa kuanzia, na pengo litakalobaki wazi.