Toleransi: chuma cha milimita 25 kinaruhusiwa kukosa kiasi gani?

Tuchukue kazi inayofika kila mara mu atelie zetu: muntu analeta mashini ya kusaga unga, rulema (beringi) imekufa, na chuma kinachoizungusha kimelika. Aprenti anapewa chuma kipya akichonge ku turu. Rulema ni namba 6205, tundu lake ni milimita 25. Anachonga, anapima na piakulisi, anasoma 25. "Papa, iko sawa."

Fundi anamuuliza: 25 gani?

Hakuna mashini inayokata 25 kamili. Kila kipande kinazidi ao kinapungua kidogo. Toleransi ni nafasi kati ya kipimo kikubwa na kipimo kidogo vinavyokubaliwa. Plani ikiandika 25 k6, inataka chuma kiwe kati ya 25,002 na 25,015. Nafasi yote ni 0,013, chini ya unene wa unywele. Tundu la rulema lenyewe liko kati ya 24,990 na 25,000. Kwa hiyo chuma kitakuwa kikubwa kidogo siku zote, na rulema itaingia kwa kukaza.

Piakulisi nyingi zinasoma 0,05 ao 0,02, basi haziwezi kuona nafasi hiyo. Chuma cha 24,96 kinaweza kusomwa 25. Rulema itaingia na mkono tu, aprenti atafurahi, lakini pete ya ndani itaanza kuteleza juu ya chuma. Ukifungua, unakuta pale pete ilipokaa panang'aa, ao pana vumbi jekundu kama kutu. Kikiwa 25,05, pete inapanuka, tugololi tunabanwa, rulema inawaka moto hata bila mzigo. Hapa kinachohitajika ni palmeri (mikrometa) inayosoma 0,001, ao angalau 0,01 kwa jicho lenye mazoezi.

Kuna mutego mwingine, na unakamata hata wazee. Vipimo vya plani ni vya chuma kwenye digri 20. Chuma kinachotoka ku turu kikiwa na digri 60 kimepanuka karibu 0,012 kwa unene huu. Ukisoma 25,010 kingali moto, kikipoa kitakuwa 24,998: kimetoka nje ya toleransi, na kilichokatwa hakirudi. Ndiyo maana fundi anaacha 0,2 hivi ya mwisho, anangoja kipoe, anapima, ndipo anamalizia.

Lakini urefu wa chuma hichohicho, tuseme 400, unaweza kukosa nusu milimita huku na huku bila shida, kwa sababu ncha haigusi kitu. Hapo musumeno na mita vinatosha. Aprenti anayepoteza saa nzima kulainisha ncha ile amekosea pia, maana mwenye mulin anangoja, na watu wamepanga mihogo yao mulangoni.