Mtoki wa kinena usipasuliwe kwa wembe

Tuseme kijana wa Kindu amepata kidonda kwenye uume, kisha mtoki unaouma kwenye kinena. Kidonda kilaini, kinachouma sana, chenye mtoki upande mmoja, kinafanana na shankroidi. Kama kilikuwa kidogo, hakikuuma, kikapona chenyewe, na mtoki ukaja wiki kadhaa baadaye, hiyo inafanana na limfogranuloma. Sifilisi nayo huleta kidonda kigumu na mtoki, lakini kwa kawaida haviumi. Vilengelenge vingi vinavyouma na kurudi-rudi ni herpesi.

Macho hudanganya, ndiyo maana kituo cha afya hutibu zaidi ya ugonjwa mmoja. Limfogranuloma inaomba doksisiklini siku 21. Mtoki wenye usaha, muuguzi anauvuta kwa sindano. Ukipasuliwa, kidonda kinakawia kupona. Mwenzi naye atibiwe.