Safu ya Lugha: Salio la nani?

Mzazi wa Kagoma akiambiwa na simu kwamba ana salio la shilingi 100,000, hufurahi. Akiliona neno hilohilo kwenye risiti ya ada ya shule binafsi, hafurahi: hapo ni deni lake. Salio limetoka kwenye kusalia, yaani kilichobaki, na neno lenyewe halisemi kimebaki kwa nani. Wahasibu wangeandika "deni lililobaki" tungeelewana, na mzazi aliyezidisha malipo wangemwandikia "ziada".

Tuseme ada ni 300,000 kwa kila awamu. Awamu ya kwanza ililipwa yote, ya pili 200,000. Baada ya kuuza kahawa, mzazi anaweka benki 300,000, na kwenye slipu anaandika "awamu ya tatu". Risiti ya shule inasomeka: salio 100,000. Anadhani ni ile 100,000 ya awamu ya pili. Sivyo. Shule nyingi hufuta deni la zamani kwanza, kwa hiyo awamu ya pili imekwisha na ya tatu ndiyo inayodaiwa. Kiasi ni kilekile, ila atakayefukuzia deni la awamu ya pili atabishana bure na mhasibu.

Slipu ni ushahidi kwamba fedha imeingia kwenye akaunti. Stakabadhi, neno lenye asili ya Kiarabu kwenye mzizi wenye maana ya kupokea, ndiyo inayoonyesha shule imeipokea kwa ajili ya mtoto gani na awamu ipi. Ukibaki na slipu peke yake, linganisha tarehe na kiasi chake na daftari la shule, kisha udai stakabadhi.