Taarifa Radufu ya Malipo

Taarifa radufu ya malipo ni ujumbe wa malipo ya simu unaoifikia seva ya muuzaji zaidi ya mara moja kwa muamala ule ule, aghalabu kwa kuwa jibu la seva lilichelewa, hata mtumaji akaurudia. Katika M-Pesa ya Kenya, ujumbe wa malipo ya STK Push yaliyotimia hubeba `MpesaReceiptNumber`. Programu ikiunda oda kila ipokeapo ujumbe, stakabadhi moja huzaa oda mbili. Kuitafuta namba hiyo kwanza hakutoshi, maana jumbe mbili zilizowasili sawia zote huikosa. Dawa yake ni kuiwekea sharti la upekee katika hifadhidata, kuiandika pamoja na oda kwa tendo moja lisilogawanyika, na ujumbe wa pili ukikataliwa, kuujibu kuwa umepokewa.