Utajaji wa chanzo cha wazo

Utajaji wa chanzo cha wazo ni kumtaja mwandishi ambaye hoja yake imetumiwa, hata kama maneno yake hayakunakiliwa. Mtafiti anayeandika kwamba barabara ya Njombe na Songea huchepuka Makambako kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mbeya hahitaji chanzo, kwa kuwa hayo ni maarifa ya wote, yaani jambo lisilobishaniwa ambalo yeyote aweza kulithibitisha. Lakini akieleza, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba watu wa Njombe waliotengwa na dola waliifanya familia kuwa kimbilio, sharti amtaje James Giblin, aliyeijenga hoja hiyo katika kitabu cha mwaka 2005, kwa sababu hiyo ni tafsiri inayoweza kupingwa.