Askofu Aliyechomwa

Hapa Chang'ombe tumezoea makaburi. Jirani yetu Mwislamu akifa huoshwa, huvishwa sanda na kulazwa kwa ubavu wa kuume akielekea Kibla. Mhindu huchomwa, na majivu yake hutiwa majini. Wabudha wengi nao huchoma, wakimfuata Buddha. Sisi Wakristo huzika tukingoja ufufuo. Kwa hiyo mwaka 2005 wengi walishtuka Manasses Kuria, Askofu Mkuu mstaafu wa Anglikana Kenya, alipochomwa, kama mkewe Mary kabla yake. Kanisa Katoliki lilikwisha kuruhusu jambo hilo mwaka 1963, mradi lisifanywe kwa kukana ufufuo. Aliyetuumba kwa mavumbi hashindwi na majivu. Wanaopungukiwa ni waliobaki, wasio na kaburi la kusimamia.