Jina la Ng'asike lilivyopotea Ngaremara: Historia fupi ya mpangilio wa majina

Miaka michache iliyopita nilikuwa Ngaremara, Kaunti ya Isiolo, siku ambayo orodha ya wanafunzi waliopewa basari ilikuwa imebandikwa ukutani. Mama mmoja Mturkana aliniomba nimtafutie jina la mwanawe, Ng'asike. "Mwalimu, nimeangalia kwa N mara tatu. Hayupo," aliniambia. Nami niliangalia, nisimwone. Mama alikuwa keshakunja leso yake aondoke, akiamini mtoto amenyimwa karo, nilipofunua ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, baada ya Zainabu, palikuwa na jina moja limejitenga: Ŋasike.

Hakuna aliyemdhulumu kijana huyo kwa makusudi. Aliyeandika fomu alitumia herufi ŋ, kisha kompyuta ikapanga majina kwa namna yake. Lakini je, kwa nini kompyuta iione ŋ kuwa inakuja baada ya Z? Ili kujibu swali hili, yafaa turudi nyuma kidogo.

Jina lenyewe la Ngaremara lina sauti inayotuhusu. Ngare ni neno la Kimaa lenye maana ya maji, na ng yake ni ile ya ngoma. Katika Ng'asike, sauti ni ile ya ng'ombe. Hizi ni sauti mbili, na lugha zinazozitofautisha zilihitaji njia ya kuziandika. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoasisiwa London mwaka wa 1926, ilipendekeza katika mwongozo wake wa tahajia kwamba sauti ya pili iandikwe kwa herufi moja, ŋ. Kiswahili sanifu hakikuifuata. Kilibaki na ng', yaani herufi mbili na kibainishi, alama ambayo kila taipureta ilikuwa nayo. Ndiyo maana hadi leo baadhi ya watu huandika Ng'asike, wengine Ngasike, na wengine Ŋasike, na wote wanamtaja mtu yule yule.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Mwaka wa 1963 Wamarekani walichapisha mfumo wa ASCII, ambao huipa kila herufi nambari. Mfumo huo una nafasi 128 pekee, na ulitungwa kwa kuzingatia Kiingereza. A ni 65, Z ni 90, a ndogo ni 97 na z ndogo ni 122. Kibainishi kilichonyooka (') kilipewa 39. Herufi ŋ haikupewa kitu. Ilipata makao baadaye, katika mfumo mpana wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka wa 1991. Humo Ŋ kubwa ni 330. Hata kibainishi kilichopinda (’), kile ambacho programu nyingi za kuandikia hukiweka zenyewe bila kuulizwa, kina nambari yake: 8217.

Programu isiyoelekezwa vingine hupanga majina kwa kulinganisha nambari hizi tu. Hebu tuchukue majina tisa na tuyaache yapangwe hivyo. Yatatokea hivi: Nakiru, Ng'asike, Ngatia, Ngugi, Ng’asike, Njeru, Nyaga, Zainabu, Ŋasike. Tazama, msomaji. Ng'asike wa kwanza ametangulia Ngatia kwa sababu 39 ni ndogo kuliko nambari ya herufi yoyote. Wa pili, mwenye kibainishi kilichopinda, amesukumwa nyuma ya Ngugi kwa sababu ya ile 8217. Wa tatu amefukuzwa hadi baada ya Z. Wangekuwa ndugu watatu wa nyumba moja, wasingekutana.

Jirani zao Wameru nao wana kisa chao. Mũriũki, akiandikwa kwa alama zake, hufuata Mwiti na hata Mzee, kwa kuwa ũ ni 361. Akiandikwa Muriuki, hurudi mbele ya wote wawili.

Basi, mtu angesema dawa ni kuwa na mpangilio mmoja ulio sahihi. Kumbe haupo! Isiolo yenyewe ni ushahidi. Wasomali walipokubali hati ya Kilatini rasmi mwaka wa 1972, waliupanga alfabeti wao kwa kufuata nyayo za Kiarabu: b, t, j, x, kh, d, r, na kuendelea, huku irabu a, e, i, o, u zikija mwisho. Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao, walipoidhinisha Qubee mwaka wa 1991, waliziweka ch, dh, ny, ph na sh baada ya z. Kwa kanuni hiyo Dhadacha hayupo kwenye D. Yuko mwisho wa orodha, na huko ndiko kwao.

Wala si Afrika pekee. Mwswidi huiweka ö baada ya z, ilhali Mjerumani huichanganya na o. Wahispania walizihesabu ch na ll kuwa herufi kamili katika kamusi zao hadi mwaka wa 1994, vyuo vyao vya lugha vilipoamua zipangwe kama herufi mbili mbili za kawaida. Mpangilio wa herufi ni makubaliano ya watu, na makubaliano hubadilika.

Wataalamu wa Unicode walilitambua jambo hili, wakatunga utaratibu wa kupanga kwa ngazi. Kwanza hulinganishwa herufi zenyewe. Zikilingana, ndipo huangaliwa alama zilizo juu yake, kisha ukubwa na udogo. Kwa njia hii Mũriũki na Muriuki hukaa bega kwa bega. Juu ya msingi huo, kila lugha huweza kuongeza kanuni zake, na mpangaji huchagua lugha anayoitaka.

Hata hivyo, utaratibu huo hautoshi kumwokoa Ng'asike. Kwa msingi wake, ŋ ni herufi inayojitegemea, hivyo jina hilo litatoka baada ya Z na kuja mwisho wa N, bado mbali na Ng'asike. Pana uamuzi ambao lazima ufanywe na binadamu. Katika kamusi ya lugha moja, naona ni haki ng' ipewe sehemu yake, kwa kuwa msomaji anaijua lugha hiyo. Lakini orodha ya majina ya Ngaremara hutafutwa na Mturkana, Mmeru, Mborana na Msomali, na anayetafuta hajui karani aliandikaje. Hapo maoni yangu ni kwamba ŋ na aina zote za ng' zihesabiwe kuwa n na g, na kibainishi kipuuzwe wakati wa kupanga. Kipuuzwe katika kupanga tu. Jina lichapishwe kama mwenyewe anavyoliandika.

Karani anayetaka kujua orodha yake imepangwa vipi ana kipimo chepesi: atazame baada ya Z. Akikuta jina lolote pale, na lugha iliyochaguliwa haina herufi za huko, ajue ni nambari zilizopanga wala si alfabeti.

Nilipomwonyesha mama yule jina la mwanawe, aliligusa kwa kidole, akatazama juu kwenye Zainabu, kisha akaniuliza: "Na hawa wengine ambao mama zao hawakufika ukurasa wa mwisho?"